Marejesho ya mkopo wakati wa likizo ya uzazi

Marejesho ya mkopo wakati wa likizo ya uzazi ni utaratibu wa kupanga mapema jinsi deni litakavyolipwa katika miezi ambayo mzazi yuko nje ya kazi na kipato chake kimeshuka. Mkopo wenyewe haujui kwamba mtoto amezaliwa: tarehe ya rejesho inafika kama kawaida, na kiasi kinachodaiwa ni kilekile kilichopangwa siku mkataba uliposainiwa. Kwa hiyo kazi ya upangaji ni kupima pengo litakuwa kubwa kiasi gani na litaanza na kuisha lini, kisha kuamua ni sehemu gani ya pengo hilo izibwe kwa akiba na sehemu gani kwa kubadilisha ratiba ya mkopo.

Makala hii inaeleza zaidi hali ya Tanzania Bara, ambako watu wengi hukopa kupitia mshahara, Saccos, vikoba na benki. Hesabu zenyewe ni zilezile popote ambapo riba hutozwa.

## Kwa nini kipato hushuka hata pale likizo inapolipwa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa mwanamke likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Haki hiyo huhesabiwa ndani ya mzunguko wa miezi 36. Baba ana angalau siku 3 zenye malipo, ambazo anatakiwa kuzitumia ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Zanzibar ina sheria yake ya ajira.

Ukisoma sheria hiyo peke yake unaweza kudhani hakuna tatizo, kwa kuwa mshahara unaendelea. Tatizo ni kwamba mkopo mara nyingi haukupimwa kwa mshahara peke yake. Ulipimwa kwa pesa zote zilizokuwa zikiingia nyumbani: mshahara, kamisheni, posho ya zamu za usiku, muda wa ziada, na faida ya biashara ndogo ya pembeni. Likizo ya uzazi hulinda kile cha kwanza tu. Muuguzi anayepata posho ya zamu hana zamu akiwa nyumbani. Mwalimu anayefundisha masomo ya ziada jioni hafundishi. Anayeuza vitenge au sabuni kazini hana wateja wa kazini.

Kuna sababu nyingine inayosahaulika. Siku 84 ni wiki 12 tu, na wazazi wengi hutaka kukaa na mtoto zaidi ya hapo, hivyo huomba likizo bila malipo. Mwezi huo mmoja au miwili ndiyo huharibu mpango mzima, kama hesabu ya chini itakavyoonyesha. Kabla ya kuomba likizo bila malipo ni vizuri kuangalia likizo ya mwaka. Kisheria likizo hiyo ni siku 28 zenye malipo, na mwajiri haruhusiwi kuitumia badala ya likizo ya uzazi. Mtu mwenye siku zake zote, akikubaliana na mwajiri, anaweza kuziunganisha mwishoni mwa zile 84 na kupata karibu mwezi mzima zaidi nyumbani akiwa analipwa.

## Kupima pengo

Njia iliyo rahisi ni kuandika kila mwezi kwenye mstari wake, kuanzia mwezi wa kwanza wa likizo hadi mwezi ambao kipato kinarudi kama zamani. Kosa la kawaida ni kusimamisha orodha siku ya kurudi kazini, kana kwamba pesa nazo zinarudi siku hiyohiyo.

Tuchukue mfano wa kubuni wa afisa mauzo wa Mwanza. Alikopa Sh 6,000,000 kwenye Saccos kwa miezi 24, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayokokotolewa juu ya salio linalopungua. Rejesho lake ni karibu Sh 299,500 kila mwezi. Mshahara wake baada ya makato ya lazima ni Sh 520,000, na kamisheni wastani wa Sh 280,000, jumla Sh 800,000. Mchango wake kwenye matumizi ya nyumba ni Sh 400,000, hivyo akishalipa mkopo hubaki na Sh 100,500. Ameshalipa marejesho 10, na salio la deni ni karibu Sh 3,757,300. Likizo inaanza sasa.

Anapanga miezi mitatu ya likizo ya uzazi, mwezi mmoja wa likizo ya mwaka, kisha mwezi mmoja bila malipo. Matumizi ya nyumba yatapanda hadi Sh 430,000 kwa sababu ya mtoto, na akirudi kazini atamlipa msaidizi wa kumlea mtoto Sh 80,000 zaidi. Kamisheni kazini kwake hulipwa mwezi unaofuata mauzo, kwa hiyo mwezi wa kwanza wa kurudi hana kamisheni yoyote, na mwezi wa pili hupata nusu kwa kuwa wateja wake wamekuwa wakihudumiwa na wengine.

| Mwezi | Kipato (Sh) | Matumizi (Sh) | Kinachobaki kwa mkopo (Sh) | Pungufu kwa rejesho la 299,500 (Sh) |
|---|---|---|---|---|
| 1 hadi 4 (kila mmoja) | 520,000 | 430,000 | 90,000 | 209,500 |
| 5, bila malipo | 0 | 430,000 | hakuna | 729,500 |
| 6, amerudi | 520,000 | 510,000 | 10,000 | 289,500 |
| 7 | 660,000 | 510,000 | 150,000 | 149,500 |

Jumla ya pungufu kwa miezi saba ni Sh 2,006,500. Tuseme tangu alipojua ana mimba alitunza ile Sh 100,500 kila mwezi kwa miezi sita. Anayo Sh 603,000. Akiba hiyo itamvusha miezi miwili ya mwanzo na karibu yote ya mwezi wa tatu, kisha itakwisha.

Jedwali hili linasema mambo mawili ambayo si rahisi kuyaona bila kuyaandika. La kwanza ni uzito wa ule mwezi mmoja bila malipo: peke yake unagharimu zaidi ya miezi mitatu ya likizo yenye malipo. Akiuacha, pungufu lote hushuka hadi Sh 1,277,000. Huenda bado ataamua kukaa nyumbani, na hiyo ni haki yake, lakini afanye hivyo akijua bei yake.

La pili limejificha baada ya jedwali. Mwezi wa 8 kamisheni imerudi yote, kipato ni Sh 800,000 tena, lakini matumizi sasa ni Sh 510,000. Kinachobaki ni Sh 290,000, pungufu ya rejesho kwa Sh 9,500. Kiasi ni kidogo, lakini maana yake ni kwamba rejesho lililomfaa kabla ya mtoto halimfai sawasawa tena. Upungufu wa miezi saba ni wa muda, huu ni wa kudumu, na kila mmoja una dawa yake.

## Njia za kubadilisha ratiba

Wakopeshaji hutumia majina tofauti, lakini mabadiliko yanayoweza kuombwa ni ya aina tatu hivi.

### Kulipa riba peke yake

Mkopaji hulipa riba ya kila mwezi na kuacha deni la msingi likae palepale kwa muda uliokubaliwa. Kwa afisa mauzo wetu, riba ya mwezi ni asilimia 1.5 ya Sh 3,757,300, yaani karibu Sh 56,400. Akikubaliwa miezi sita ya namna hiyo, hesabu yake inageuka kabisa. Katika miezi minne ya kwanza ana Sh 90,000 za kulipia riba, hivyo kila mwezi hubakiwa na Sh 33,600 za kuongeza kwenye akiba, ambayo inafikia Sh 737,400. Mwezi wa 5, usio na malipo, unachukua Sh 486,400 kwa matumizi na riba. Mwezi wa 6 unachukua Sh 46,400, na mwezi wa 7, rejesho kamili likiwa limerudi, Sh 149,500. Anavuka akiwa na Sh 55,100 mkononi.

Gharama yake ni riba ya miezi sita ya ziada, karibu Sh 338,000, na mkopo utaisha miezi sita baadaye kuliko ilivyopangwa. Hizo ni pesa nyingi kwa mtu wa mshahara huu, lakini zinalipwa kidogo kidogo na hakuna mwezi hata mmoja anaokwama.

### Kusimamisha malipo yote

Hapa mkopaji halipi chochote kwa muda fulani. Watu wengi huielewa kama likizo ya deni, na ndipo wanapokosea, kwa kuwa riba haikwenda likizo. Riba isiyolipwa hujumlishwa kwenye deni la msingi, na mwezi unaofuata inatozwa riba yenyewe. Baada ya miezi sita Sh 3,757,300 zinakuwa karibu Sh 4,108,400. Mkopeshaji akitaka deni hilo liishe katika marejesho yaleyale 14 yaliyobaki, rejesho jipya ni karibu Sh 327,500. Kwa hiyo mtu ambaye hesabu yake ilishaonyesha kwamba hata Sh 299,500 zitambana anarudi kazini akikuta rejesho limepanda. Gharama ya jumla ni karibu Sh 392,000, zaidi ya ile ya kulipa riba peke yake.

Njia hii inamfaa mtu ambaye hana kipato kabisa katika miezi hiyo na hawezi kulipa hata riba. Kwa mwenye mshahara unaoendelea si chaguo zuri, ingawa ndiyo inayopendwa kwa sababu inasikika nyepesi. Anayeichagua aombe kwamba baada ya kusimama rejesho libaki lilelile na muda ndio uongezeke. Katika mfano huu itakuwa kama marejesho 15 na nusu badala ya 14.

### Kurefusha muda wa mkopo

Salio hugawanywa upya kwa miezi mingi zaidi. Sh 3,757,300 zikitandazwa upya kwa miezi 24, rejesho linashuka hadi karibu Sh 187,600. Riba ya ziada ni kama Sh 308,000, chini kidogo ya njia ya kulipa riba peke yake, kwa sababu mkopaji anaendelea kupunguza deni la msingi tangu mwezi wa kwanza.

Hata hivyo kwa likizo yenyewe njia hii haitoshi. Katika miezi minne ya kwanza bado anapungukiwa Sh 97,600 kila mwezi, na mwezi wa 5 unabaki mzito. Ukijumlisha hadi mwezi wa 7 anahitaji zaidi ya Sh 1,220,000, akiwa na akiba ya Sh 603,000. Faida ya kurefusha muda inaonekana baadaye: kuanzia mwezi wa 8 anabaki na zaidi ya Sh 100,000 kila mwezi badala ya kupungukiwa. Kwa ufupi, hii ni dawa ya pengo la kudumu. Mwenye gharama kubwa mpya za malezi anaweza kuomba vyote viwili, yaani riba peke yake wakati wa likizo, kisha marejesho madogo kwa muda mrefu zaidi, akijua kwamba gharama za riba nazo zinajumlishwa.

## Riba inakokotolewaje

Hesabu zote za juu zinategemea riba ya salio linalopungua. Mikopo mingi midogo haiko hivyo. Riba hukokotolewa juu ya kiasi cha awali hadi mwisho, hata kama deni limebaki robo. Mkopo uleule wa Sh 6,000,000 kwa asilimia 1.5 ya namna hiyo ungetozwa riba ya Sh 90,000 kila mwezi, kuanzia wa kwanza hadi wa 24, na rejesho lingekuwa Sh 340,000. Miezi sita ya kulipa riba peke yake ingegharimu Sh 540,000 badala ya Sh 338,000.

Namna ya kutambua ni kuangalia jedwali la marejesho linalotolewa pamoja na mkataba. Kama safu ya riba inapungua mwezi hadi mwezi, riba inafuata salio. Kama tarakimu ni ileile kutoka juu hadi chini, inafuata mkopo wa awali. Mwenye mkopo wa aina hii ya pili, kama muda uliobaki ni mfupi, mara nyingi hupata nafuu zaidi kwa kujibana na kuumaliza kabla ya likizo kuliko kuomba ubadilishwe.

Mikopo ya benki za Kiislamu iliyo katika muundo wa murabaha hufanya kazi tofauti, kwa kuwa bei ya kuuziana ilishafungwa siku ya mkataba. Tarehe zinaweza kusogezwa kwa makubaliano, lakini deni lenyewe halipaswi kuongezeka kwa sababu ya kusogezwa huko.

## Wakati wa kuomba

Sheria ya Tanzania Bara inamtaka mwajiriwa amjulishe mwajiri nia ya kuchukua likizo ya uzazi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, akiambatanisha cheti cha daktari. Anaweza kuanza likizo wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya tarehe hiyo. Tarehe hiyo ya miezi mitatu inafaa kutumiwa pia kwa mkopeshaji, kwa kuwa karatasi zinazohitajika ni karibu zilezile: cheti cha daktari, barua ya mwajiri inayotaja siku za likizo na malipo yatakayoendelea, na hati za mshahara za miezi ya karibuni. Mkopaji huongeza barua yake mwenyewe inayosema anaomba nini hasa, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani, na jedwali la kipato kama lile la juu. Ombi linalosema tu kwamba mkopaji anaomba kufikiriwa humwachia mkopeshaji achague njia, naye atachagua inayomfaa yeye.

Kwenye Saccos ombi hupita kwa kamati ya mikopo, ambayo haikai kila siku. Wadhamini nao mara nyingi hutakiwa kusaini upya, kwa sababu muda waliokubali kudhamini umebadilika. Mdhamini aliye safarini anaweza kuchelewesha jambo kwa wiki kadhaa, na mama aliyejifungua juzi si mtu wa kumfuatilia mdhamini.

Sababu kubwa ya kuomba mapema, hata hivyo, ni jinsi mkopeshaji anavyoutazama mkopo. Mkopo ambao haujawahi kuchelewa unapopangwa upya ni mabadiliko ya ratiba. Mkopo ambao tayari una malimbikizo unapopangwa upya ni uokoaji wa deni lenye tatizo. Benki hulazimika kuuhesabu mkopo kuwa chechefu unapopitisha siku 90 bila kulipwa, na ucheleweshaji huripotiwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo, ambako mkopeshaji mwingine atauona miaka ya baadaye. Siku 90 ni karibu sawa na likizo yenyewe ya siku 84. Mtu anayenyamaza siku anayoanza likizo, akisema atazungumza nao akirudi, anarudi akiwa ukingoni mwa mstari huo.

## Mahali mipango inapoharibika

Mikopo inayokatwa kwenye mshahara ina mtego wake. Miezi ya likizo yenye malipo makato yanaendelea bila shida. Mwezi wa likizo bila malipo hakuna mshahara, kwa hiyo hakuna makato, na hakuna mtu anayepiga simu. Mkopaji anadhani mambo yako sawa kwa kuwa hajasumbuliwa. Mfumo wa mkopeshaji umeshaandika rejesho moja halijalipwa na kuanza kuhesabu adhabu. Mwezi huo mkopaji anatakiwa kulipa mwenyewe, kwa benki au kwa simu, na kutunza risiti.

Mtego mwingine ni makubaliano ya mdomo. Afisa mikopo anasema usiwe na wasiwasi mama, tutakusubiri. Huenda anasema kweli, lakini tarehe kwenye mfumo haikubadilika, na miezi mitatu baadaye afisa huyo amehamishiwa tawi jingine. Makubaliano yaliyokamilika yana alama moja: jedwali jipya la marejesho lililosainiwa na pande zote mbili. Bila jedwali hilo lile la zamani ndilo linaloendelea kutawala.

Hata ukiwa na jedwali, inafaa kuomba taarifa ya mkopo mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Kama makubaliano ni kulipa riba peke yake, salio linatakiwa kuwa lilelile la mwanzo wa mwezi. Likiwa limepanda, riba haikupokelewa au inajumlishwa kwenye deni. Kama taarifa inaonyesha siku za kuchelewa, ratiba mpya haijaingizwa. Kosa hili likionekana mwezi wa kwanza hurekebishwa kwa ziara moja. Likionekana mwezi wa sita huwa na adhabu za kubishania.

Mtego ulio ghali kuliko yote ni kuziba rejesho kwa mkopo mwingine mdogo wa kwenye simu. Mkopo wa simu hudaiwa ndani ya siku au wiki chache, wakati pengo la likizo ni la miezi. Kwa hiyo unadaiwa tena mkopaji akiwa bado ndani ya pengo lilelile, naye hukopa mwingine kuulipa, na ada hutozwa kila mara. Mkopo wa muda mfupi unaweza kuziba pengo la siku tano za kusubiri mshahara. Hauwezi kuziba pengo la miezi saba.

Wengine hutegemea bima ya mkopo waliyokatwa mwanzoni. Bima hiyo kwa kawaida hulipa deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Kujifungua hakumo.

## Waliojiajiri na wanachama wa vikundi

Fundi cherehani, mama lishe na muuza duka hawana siku 84 za mtu yeyote. Kwao kushuka kwa kipato huanza kabla ya kujifungua, mwezi wa nane wa mimba pengine, pale kusimama muda mrefu au kubeba mzigo kunapokuwa kugumu, na huisha taratibu kadiri wateja wanavyorudi. Marejesho yao mara nyingi ni ya kila wiki, hivyo wiki mbili za kulazwa tayari ni marejesho mawili.

Hatari yao ya pekee ni kula mtaji. Duka linapofungwa, pesa za kununulia bidhaa ndizo zilizo karibu, na rejesho hulipwa kutoka humo. Kwenye vitabu vya mkopeshaji mteja huyu ni mzuri, analipa kwa wakati. Siku anayofungua duka tena rafu ni tupu, hana cha kuuza, na hapo ndipo mkopo unapoanza kuanguka. Kwa mfanyabiashara, kwa hiyo, hesabu ya pengo inatakiwa kuwa na mstari wa ziada: kiasi cha bidhaa anachohitaji siku ya kufungua, kitengwe na kisiguswe hata kama maana yake ni kuomba muda mrefu zaidi kwa mkopeshaji. Kumwachia ndugu biashara iendelee kwa nusu ya mauzo mara nyingi ni nafuu kuliko kufunga, mradi kuwe na daftari.

Katika kikoba, mwanachama asipolipa ni wenzake wanaobeba, na jambo hilo huvunja urafiki haraka kuliko deni la benki. Lakini kikundi kina unyumbufu ambao benki haina. Katiba ya kikundi inaweza kuweka kipengele cha mwanachama aliyejifungua kulipa riba tu kwa mizunguko kadhaa, na kuliandika hilo kabla mtu yeyote hajawa na mimba ni rahisi kuliko kulijadili mtu akiwa mbele yenu. Anayecheza upatu anaweza kuomba zamu yake ya kupokea iangukie mwezi ule mzito, ambao kwa afisa mauzo wa mfano wetu ungekuwa mwezi wa 5. Na mwanachama mwenye akiba nyingi kwenye Saccos akumbuke kwamba akiba iliyoshikwa kama dhamana ya mkopo haitoki mpaka mkopo uishe. Asiihesabu kama pesa za likizo.

## Nchi nyingine

Umbo la pengo hufuata sheria ya nchi. Nchini Kenya Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili na wiki mbili kwa baba. Sheria hiyohiyo inakataza makato yote kwa pamoja kuzidi theluthi mbili ya mshahara, jambo linalompa mfanyakazi kinga kidogo pale kamisheni zinapokatika na mkopo ukabaki unakula mshahara mtupu. Uganda hutoa siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Rwanda, tangu sheria ya 2016, ina mfuko wa pamoja unaochangiwa na waajiri na wafanyakazi ili kulipia sehemu ya likizo.

Kwa Waswahili walioko Uingereza pengo lina umbo la ngazi. Malipo ya kisheria ni asilimia 90 ya kipato kwa wiki 6 za mwanzo, kisha kiwango maalumu cha chini kwa wiki 33, na wiki 13 za mwisho za mwaka huo hazina malipo kabisa. Huko mwezi mzito haupo katikati bali mwishoni, na akiba iliyotumika yote katika miezi ya kati haitakuwepo wiki hizo 13 zinapofika. Jedwali la miezi linatakiwa kuandikwa kuanzia nyuma: kwanza mkopaji anatenga za wiki zisizo na malipo, kisha anaangalia zilizobaki zinaruhusu nini katika zile 33.